Boksi limeandikwa 20,000mAh: kulifungua mbele ya kamera bila kumficha mtazamaji kitu

Pita kwenye vibanda vya vifaa vya simu pale Majengo au Sabasaba, hapa Dodoma, utakuta pawabenki zimepangwa kwa namba: 10,000, 20,000, 30,000, na zile za ajabu zilizoandikwa 50,000 huku zikiingia kwenye mfuko wa shati. Mteja hanunui rangi wala umbo. Ananunua namba, kwa sababu anawaza umeme ukikatika saa moja usiku simu itamfikisha asubuhi au haitamfikisha.

Sasa tazama video za kufungua boksi. Mtangazaji anachana plastiki, anasema "hii kitu imekaa poa", anahesabu matundu, anawasha taa nne ndogo, kisha anatoa alama 9 kati ya 10. Namba iliyomfanya mtu abonyeze video haijaguswa. Makala hii inaifuata pawabenki moja ya 20,000mAh, kuanzia boksi likiwa bado na lakiri hadi uamuzi wa mwisho, maana ni bidhaa ambayo uongo wake unapimika kwa vifaa viwili vya bei nafuu: mizani ya jikoni na mita ya USB.

Tuanze kabla kamera haijawashwa, kwenye WhatsApp, kwa sababu mapitio mengi huharibikia hapo. Mwenye duka anakuandikia: "Dada, nina mzigo mpya wa pawabenki, nikuletee moja uifanyie video?" Si kosa kupokea. Kosa ni kupokea kabla ya kuelewana. Jibu linalotosha ni kama hili:

"Asante sana kaka. Naipokea, ila naomba tukubaliane kabisa. Nitasema kwenye video kwamba umenipa bure. Nitaipima, na nitakayoyaona nitayasema, mazuri na mabaya. Video hutaiona kabla haijatoka. Nikikosea namba au bei, niambie nitarekebisha. Kama masharti haya yanakupa shida, hakuna ubaya, chukua mzigo wako na urafiki ubaki."

Ujumbe huo utunze. Asilimia kubwa ya ugomvi kati ya mtangazaji na duka hutokana na sentensi moja tu kati ya hizo, ile ya nani anaiona video kwanza. Duka likisema "nitumie kwanza niicheki", hiyo si tena mapitio, ni tangazo. Tangazo ni kazi halali na ina bei yake, lakini liitwe tangazo.

Kwenye video yenyewe mtazamaji ana haki ya majibu matatu: nani alilipia kifaa hiki, kuna pesa au kamisheni uliyopata au utakayopata, na nani aliiona au kuipitisha video kabla yake. Yote matatu yanasemwa kwa pumzi moja: "Pawabenki hii nimepewa bure na duka, sijalipwa pesa, na duka halijaiona video hii. Ukinunua kwa kutumia msimbo wa punguzo ulioko hapo chini, napata shilingi elfu mbili kwa kila moja." Sekunde kumi na mbili, umemaliza. Yaseme ndani ya nusu dakika ya kwanza, uso ukiwa kwenye kamera, na maneno yaleyale yaandikwe kwenye skrini. Kuna watu wanaoyasikia bila kuona kwa sababu simu iko mfukoni, na kuna wanaotazama bila sauti wakiwa kwenye daladala.

Neno la kukwepa ni "shukrani kwa wadau wetu". Mdau ni nani? Alitoa nini? Vivyo hivyo kusema "nimeshirikiana na duka fulani": mtazamaji wa kawaida husikia urafiki, hasikii malipo. Sema "nimepewa", "nimelipwa", "nimekopeshwa, nitarudisha". Ni vitenzi vya Kiswahili ambavyo hata bibi kijijini Kondoa anavielewa.

Mtandao nao una kisanduku chake. Kwenye YouTube, unapopakia video, kuna sehemu ya kutia alama kwamba ina matangazo ya kulipiwa. Ukiitia, mtazamaji anaona maandishi "Includes paid promotion" kwa sekunde chache mwanzoni. Tia alama hiyo, lakini usiiache ikusemee. Mara nyingi iko kwa Kiingereza, inapita haraka, na haisemi kama ulipewa pesa au kifaa. Upande wa sheria, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji, na mtu anayesifia bidhaa kwa malipo huku akijifanya mnunuzi yuko karibu sana na mstari huo.

Sasa meza. Dodoma kuna mambo mawili ambayo mwongozo wa video uliotengenezwa kwingine hautakuambia. La kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo haulali, na pawabenki nyingi ni plastiki nyeusi ya kung'aa. Kwa macho inaonekana safi. Kwenye picha ya karibu inaonekana kama imechimbuliwa. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu unazidisha, kwa sababu msuguano unaipa plastiki chaji inayovuta vumbi jipya. Tumia brashi laini ya vipodozi, telezesha polepole kuelekea upande mmoja, na funga dirisha la upande wa upepo kabla hujafungua boksi.

La pili ni jua. Saa sita mchana ni kali, linatoka juu, na linatengeneza vivuli vyeusi chini ya kila kitu. Chini ya bati bila dari, joto la chumba linaweza kuifanya simu ijizime ikiwa inarekodi. Piga picha kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, meza ikiwa kando ya dirisha, na dirishani tundika shuka jeupe. Mwanga unaopita kwenye shuka ni laini na unatosha. Taa ya duara ya nini, ikiwa inaacha pete nyeupe kwenye kila kitu kinachong'aa?

Kitambaa cha mezani kiwe cha kijivu au kaki. Kifaa cheusi juu ya kitambaa cheusi hupotea kingo, na boksi jeupe juu ya kitambaa cheupe huifanya kamera ipunguze mwanga mpaka kila kitu kionekane kama cha jioni.

Kufungua lakiri ni tukio la mara moja. Ukisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi, huna la kufanya, na kufunga upya kwa gundi ili "tuigize" ni uongo hata kama kifaa ni kizima. Ukiwa na simu mbili, moja iwe juu ikitazama meza moja kwa moja, nyingine iwe mbele kwa pembe ya digrii 45 hivi. Ukiwa na moja, iweke juu, iache irekodi bila kukatika kuanzia pande sita za boksi likiwa limefungwa hadi kila kitu kimetandazwa mezani. Kipande hicho usikikatekate. Unaweza kukiongeza kasi, lakini mtazamaji aone kwamba kilichotoka ndani ya boksi ndicho kilichowekwa mezani. Namba ya siri ya kuhakiki bidhaa, ile unayoikwaruza, ifunike kwa kidole au uikwaruze nje ya fremu. Mtu anaweza kuitumia kabla yako kwa kuigandisha video.

Kisha picha za karibu, na hapa tukae kidogo.

Upande wa nyuma wa boksi, au chini ya pawabenki yenyewe, kuna maandishi madogo ya kijivu juu ya weusi. Namba kubwa ya mbele, 20,000mAh, ni ya seli zilizoko ndani. Namba ndogo ya nyuma, iliyoandikwa "Rated Capacity", ndiyo inayotoka kwenye tundu la USB. Kwa mfano: "Rated Capacity: 12,000mAh (5V/2A)". Wengi hawajawahi kuiona kwa sababu kamera haikuisogelea. Kisa kizima cha bidhaa hii kiko kwenye mstari huo mmoja, na kama boksi haliuonyeshi popote, sema hivyo kwa sauti.

Kuupiga picha mstari huo, usitumie kamera ndogo ya "macro" iliyoko kwenye simu za bei ya kati. Nyingi ni za megapikseli 2 na zinatoa picha yenye uji. Tumia kamera kuu, kaa umbali wa sentimita 20 hadi 25, kisha vuta mara 2. Ukisogea karibu zaidi ya hapo, simu inashindwa kufokasi, na simu yenyewe inatupa kivuli juu ya kitu unachokipiga. Gusa maandishi kwenye skrini, shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vifunge, ndipo urekodi. Bila kufunga, kamera itakuwa inahema, inatafuta, inapoteza, inatafuta tena, kila mkono wako unapopita.

Maandishi yaliyochorwa ndani ya plastiki bila rangi hayaonekani kwa mwanga wa juu. Weka taa ya simu nyingine chini, karibu na usawa wa meza, imulike kwa ubavu kama jua linalotua. Kila herufi itapata kivuli chake na itasomeka. Kama plastiki inarudisha mwanga kwenye kamera, usiizime taa, inamisha kifaa digrii chache mpaka mng'ao uondoke. Tulia sekunde nne kwenye kila picha ya maandishi. Halafu jipime: icheze klipu kwenye simu kwa ubora wa 360p. Mtu anayetazama kwa bando la kubana atakuwa hapo, na kama wewe mwenyewe husomi, rudia ukiwa umejaza fremu kwa mstari huo peke yake. Pembeni weka sarafu ya shilingi 200 kwenye picha moja ya jumla, ili ukubwa wa kifaa ujulikane bila kubishana.

Baada ya maandishi, mizani. Hili ni jaribio la nusu dakika na ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kuamini mtu. Seli za lithiamu za kawaida zinabeba takriban wati-saa, yaani Wh, 250 kwa kilo. Seli za 20,000mAh kwa volti 3.7 ni:

```
20,000 mAh × 3.7 V ÷ 1000 = 74 Wh
74 Wh ÷ 250 Wh kwa kilo = kilo 0.296
```

Kwa hiyo seli peke yake zinakaribia gramu 300, bado plastiki, bodi na waya. Pawabenki nzima ya 20,000 inatakiwa iwe kati ya gramu 340 na 450 hivi. Ikisoma gramu 210, swali linabaki moja tu: hizo seli ziko wapi? Ile ya 50,000 ya mfuko wa shati ingepaswa kuwa na seli za karibu gramu 740. Piga mizani kutoka juu, ianze ikiwa 0 ndani ya fremu, weka kifaa bila waya na bila mfuko wake, acha namba itulie. Tahadhari: uzito mdogo unathibitisha uongo, lakini uzito mkubwa hauthibitishi ukweli. Zipo zilizojazwa mchanga au vipande vya chuma. Na usiibanduebandue kutafuta mchanga mbele ya kamera. Bisibisi ikitoboa seli ya lithiamu, moto wake hauzimwi kwa kitambaa.

Hapo ndipo mita inaingia. Ni kidude kidogo chenye skrini kinachochomekwa kati ya pawabenki na waya. Kinaonyesha volti, ampea, na jumla ya kilichopita, kwa mAh na kwa Wh. Mpangilio ni huu: pawabenki, mita, waya, mzigo, yaani kifaa kinachokula umeme. Mita ikikaa mwisho wa waya, inapima na upotevu wa waya, na waya mwembamba unapoteza si haba.

Chaji pawabenki mpaka ijae, iache nusu saa nyingine. Bonyeza kitufe cha mita mpaka jumla irudi 0, na sifuri hiyo iwe kwenye video. Nyingi hukumbuka hesabu za jana. Mzigo uwe wa ampea 2 kwa volti 5. Kuna vipande vya bei ndogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vinapata moto, viweke juu ya kigae na mbali na shuka lako jeupe. Taa moja ndogo ya USB haifai, kwa sababu mkondo ukiwa mdogo sana pawabenki nyingi hujizima zikidhani zimemaliza kuchaji, na wewe utadhani zimeisha.

Soma Wh, usisome mAh. Chaja za kasi hupandisha volti hadi 9 au 12, na hapo mAh hupungua ingawa nishati ni ileile. Mtangazaji asiyelijua hili hutangaza kwamba pawabenki nzuri "imetoa 6,000 tu" na kuliharibia duka jina bure. Ukosefu wa uaminifu si lazima uelekee kwenye sifa.

Kwa wati 10, pawabenki nzima itachukua saa sita na kidogo. Huwezi kurekodi video ya saa sita. Weka simu kwenye stendi, ichukue picha moja kila sekunde 30. Saa sita zinakuwa picha 720, na kwa picha 25 kwa sekunde unapata klipu ya sekunde 29. Weka na saa ya ukutani ndani ya fremu. Simu inayorekodi ichajiwe na kitu kingine, sio ile pawabenki inayopimwa (usicheke, inatokea).

Kuna tatizo la picha hapa: skrini ya mita inapepesa, na ukutani mistari myeusi inapanda na kushuka. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa nyingi za ndani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikirekodi kwa shata ya 1/60, yaani kila picha ikipokea mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde, haziendi sambamba. Fungua mpangilio wa mkono, weka shata 1/50 au 1/100, mistari itaondoka hata kama simu haina picha 25 kwa sekunde. Skrini ya mita ikiendelea kupepesa, shuka hadi 1/25.

Tuseme mwishoni mita inasoma Wh 61.4. Hesabu ionekane kwenye skrini:

```
61.4 ÷ 74 = 0.83
61.4 Wh ÷ 5 V × 1000 = 12,280 mAh
```

Asilimia 83 ya nishati ya seli imefika kwenye tundu. Iliyobaki imekuwa joto wakati bodi inapandisha volti 3.7 kwenda 5, na hilo si wizi, kila pawabenki inafanya hivyo. "Rated Capacity" iliahidi 12,000. Imetoa zaidi kidogo. Boksi limesema kweli, hata kama namba kubwa ya mbele inamfanya mteja aote kitu kingine. Mtafsirie kwa simu yake: betri ya 5,000mAh ni takriban Wh 19, na pamoja na upotevu wa kuchaji simu inakula kama 22. Hiyo ni mara mbili na robo tatu hivi, si mara nne kama hesabu ya 20,000 kugawa kwa 5,000 inavyodanganya.

Mita ikisoma Wh 38, mambo ni tofauti. Ukirudisha upotevu wa kawaida, ndani kuna seli za kama 12,000mAh, zikiuzwa kwa namba ya 20,000. Kabla ya kutangaza, chaji upya na urudie jaribio zima, ukibadilisha waya. Likirudia, sema namba, sema umepima mara mbili, sema umepima kifaa kimoja tu na ulikipata wapi. Mita ya bei ndogo inaweza kukosea kwa asilimia chache, kwa hiyo usipigie kelele tofauti ya Wh 2. Ya Wh 22 ipigie. Kama kifaa ulipewa, mwandikie aliyekupa: "Kaka, nimepima mara mbili, imetoa 38. Video inatoka Ijumaa. Ukiwa na maelezo nitayaweka ndani." Naye huenda aliuziwa akiwa hajui.

Uamuzi urekodi baada ya jaribio, siku nyingine, sio kwa msisimko wa plastiki mpya. Ukirekodi uso ukisema "ni nzuri" siku ya kufungua kisha ukaupachika mwishoni, shati litakusaliti.

Kwenye maelezo chini ya video, mistari miwili ya kwanza, inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kuendelea, iwe ni ya nani alilipa na mita ilisoma ngapi. Msimbo wa punguzo ukae chini yake. Na kwa kuwa pawabenki iliyotolewa bure bado ina thamani, andika imekwenda wapi: imerudishwa dukani, imebaki kwako, au amepewa mtu. Ikibaki kwako, ipime tena baada ya miezi sita kwa mzigo uleule na mita ileile, na namba mpya uibandike juu kabisa kwenye maoni, pembeni ya ile ya kwanza.